Gololi inaanguka kabla ya kufika: kosa liko kwenye giaboksi au kwenye hopapu?

Bunduki ya easofti ya umeme, ile ya mchezo inayorusha gololi za plastiki, ikianza kuangusha gololi mita 25 au 30 mbele, watu wengi hufikiria springi nzito zaidi. Kabla hujafungua hata skrubu moja, fanya hesabu kidogo. Gololi ya gramu 0.20, yenye kipenyo cha milimita 6 hivi, ni kitu chepesi sana kinachosukumana na hewa nyingi. Ikitoka kwenye mtutu kwa mita 100 kwa sekunde, hupoteza karibu nusu ya mwendo wake ndani ya mita 18 hadi 20 za kwanza. Ukiipiga sawa na ardhi kutoka kimo cha mita 1.5, bila mzunguko wowote, itagusa chini baada ya nusu sekunde na kidogo, na kwa muda huo itakuwa imefika mita 30 hivi. Ongeza mwendo hadi mita 110 kwa sekunde, yaani nguvu zaidi kwa asilimia 21, na utapata ziada isiyofika hata mita 2. Hewa inakula karibu kila ulichoongeza.

Ndiyo maana bunduki ileile hufikisha gololi mita 50 kwa springi ya kawaida ikiwa hopapu, yaani sehemu inayoipa gololi mzunguko inapotoka, imerekebishwa vizuri. Hopapu haiongezi mwendo, inachelewesha kuanguka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: gololi inatoka na mwendo unaotakiwa lakini haipati mzunguko, au mwendo wenyewe umepungua? Hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti.

Kinachotokea kati ya triga na mdomo wa mtutu

Ukivuta triga, umeme wa betri huizungusha mota. Pinioni ya mota huzungusha gia ya kwanza, ile ambayo fundi wa magari angeiita krauni. Krauni huzungusha gia ya kati, nayo ya kati huzungusha gia ya sekta, ambayo ina meno upande mmoja tu wa mzingo wake. Meno hayo hushika meno ya pistoni na kuivuta nyuma, huku springi ikijikunja. Wakati huohuo, kipini kilicho ubavuni mwa gia ya sekta huvuta bamba la nozeli, nozeli inarudi nyuma, na gololi moja inapanda kutoka kwenye magazini.

Kipini kikipita, springi ndogo ya bamba huirudisha nozeli mbele. Nozeli huisukuma gololi hadi ndani ya mpira wa hopapu na kujibana kwenye midomo ya mpira huo. Kisha meno ya gia ya sekta yanaisha, pistoni inaachiwa, na springi kubwa inaitupa mbele ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa haina pa kutokea ila kupitia kichwa cha silinda, nozeli, na mgongoni mwa gololi. Angalau ndivyo inavyotakiwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hewa inayopata njia nyingine.

Mpira wa hopapu umevaa mwanzo wa mtutu wa ndani kama soksi fupi. Juu yake kuna kibonyezo, kipande kidogo kinachosukumwa na gurudumu la kurekebishia. Kibonyezo hukandamiza mpira kupitia dirisha lililokatwa juu ya mtutu, na uvimbe mdogo unatokea kwenye dari ya njia ya gololi. Gololi ikipita chini ya uvimbe huo, sehemu yake ya juu inashikwa kidogo huku ya chini ikiendelea, hivyo inatoka ikijizungusha kinyumenyume: juu inarudi kwa mpigaji, chini inakwenda mbele. Hewa inayopita juu inasaidiwa na mzunguko huo, ile ya chini inapingwa, na mkondo wote unaoachwa nyuma ya gololi unaelekezwa chini. Gololi nayo inasukumwa juu. Kanuni hiyo inaitwa Magnus, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Gustav Magnus aliyeieleza mwaka 1852, na ndiyo hiyohiyo inayopinda mpira wa kona kuingia golini.

Jambo moja la kushika: nguvu hiyo ya kuinua inategemea mzunguko na mwendo kwa pamoja. Gololi mbili zilizopita chini ya uvimbe uleule lakini zikatoka kwa mwendo tofauti hazitainuliwa sawa. Bunduki yenye mwendo unaoyumba haiwezi kurekebishwa hopapu, hata ukizungusha gurudumu siku nzima.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini, elekeza mtutu mahali salama, na fyatua mara mbili tatu ili gololi iliyobaki itoke. Kisha chomoa betri. Miwani ya kinga ibaki usoni wakati wote wa majaribio, na pia unapofungua giaboksi, maana springi haichagui pa kurukia.

Vipimo vyote vya mwanzo vifanywe kwa kipimamwendo, hopapu ikiwa imelegezwa kabisa, kwa gololi mpya za gramu 0.20. Piga kumi na uandike kila namba. Wastani pekee hautoshi. Unachotafuta ni vitu viwili: kama namba ziko chini ya kawaida ya bunduki hiyo, na kama zinatofautiana. Giaboksi nzima yenye hewa iliyozibwa vizuri itakupa tofauti ya mita 2 au 3 kwa sekunde kati ya gololi ya kasi na ya polepole. Tofauti ya mita 10 ni ugonjwa.

Dalili: mwendo ni mzuri na sawa, lakini gololi inaanguka mapema

Giaboksi iache ilivyo. Tatizo liko kwenye mpira, na sababu ya kawaida kuliko zote ni mafuta. Mtu amenyunyiza silikoni kwenye mtutu ili "ulainike", mafuta yamefika kwenye uvimbe, na sasa gololi inateleza badala ya kushikwa. Chukua ufito wa kusafishia, zungushia kitambaa cha pamba chenye spiriti kidogo, legeza hopapu, pitisha kuanzia mdomoni mwa mtutu hadi kwenye mpira, zungusha, toa. Rudia kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Usiloweshe mpira kwa spiriti, kwani ukilowa kwa muda unakauka na kuwa mgumu. Gololi kumi au ishirini za mwanzo baada ya kusafisha bado zinaweza kwenda ovyo, kwa hiyo usihukumu mapema.

Ikiwa mtutu ni safi, angalia uzito wa gololi. Gololi nzito inahitaji mzunguko zaidi ili kubebwa, basi ukihama kutoka gramu 0.20 kwenda 0.28 bila kugusa gurudumu, utaona kitu kinachofanana kabisa na hitilafu. Ongeza hopapu hatua kwa hatua. Ikiwa gurudumu limefika mwisho na gololi bado inaanguka, uvimbe umechakaa au kibonyezo kimelika na kuwa bapa. Badilisha mpira pamoja na kibonyezo chake, vyote ni vipande vidogo visivyostahili kubembelezwa. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake: kwenye baridi mpira unakakamaa na mshiko wake unabadilika, kwa hiyo marekebisho ya mchana yanaweza kukosea alfajiri.

Kurekebisha kwenyewe kunafanywa hivi. Anza na hopapu iliyolegezwa, piga gololi tano ukiiweka bunduki sawa na ardhi, ongeza kidogo, piga tano tena. Gololi itaanza kwenda mbali zaidi kila hatua. Endelea mpaka uione inainuka wazi karibu na mwisho wa safari, kisha rudi nyuma kidogo hadi njia yake iwe bapa. Fanya hivyo kwa uzito ule tu utakaotumia.

Ikiwa gololi inapanda angani tangu mwanzo, inasita kana kwamba imesahau inakokwenda, kisha inadondoka, hopapu imezidi, au gololi ni nyepesi mno kwa bunduki hiyo. Punguza kwanza. Usipoweza kupunguza bila kupoteza umbali, panda hadi gramu 0.25 au 0.28. Gololi nzito hutoka polepole zaidi lakini hutunza mwendo: ya gramu 0.30 inahitaji mita 27 au zaidi ili ipoteze nusu, pale ambapo ya 0.20 ilihitaji 18 hivi.

Dalili: mwendo unayumba

Hapa ndipo watu hupoteza muda na vipuri. Tuchukue mfano wa bunduki ya umbo la M4, yenye giaboksi ya toleo la 2, ambayo kipimamwendo kimetoa namba hizi kwa gololi za gramu 0.20: 97, 95, 98, 88, 96, 81, 97, 93, 84, 96.

Namba ya juu ni 98, ya chini 81. Kwa nguvu, hiyo ni kutoka jouli 0.96 hadi jouli 0.66. Theluthi moja ya nguvu inapotea, lakini haipotei kila mara. Hilo peke yake linasema mengi. Springi iliyochoka ingeshusha namba zote. Oringi ya pistoni iliyokatika nayo ingevujisha kila pigo. Hapa pigo zuri linafika 98, kwa hiyo springi na pistoni zinaweza kazi. Kuna mahali panapoziba mara nyingine na mara nyingine hapazibi, na sehemu inayoachana na kukutana upya kila pigo ni moja tu: nozeli na midomo ya mpira wa hopapu.

Hata hivyo, thibitisha. Toa mtutu wa ndani pamoja na chemba ya hopapu, nyumba inayoshika mpira na kibonyezo. Ingiza nozeli safi ya akiba kwa mkono kwenye mpira, ziba mdomo wa mtutu kwa kidole, na pulizia kwa nguvu kupitia nozeli. Ukisikia hewa ikitoroka, mpira umechanika mdomoni au haukukaa vizuri juu ya dirisha. Katika mfano wetu hakuna hewa inayotoka. Kila kipande ni kizima kikiwa peke yake, ila vikirudi ndani ya bunduki vinavuja.

Rudisha basi chemba mahali pake, funga bunduki, na kupitia shimo la magazini isukume chemba mbele kwa kidole. Kwenye bunduki za aina hii kuna springi nyepesi inayozunguka mtutu wa ndani, kazi yake kuisukuma chemba nyuma ili ibanane na giaboksi. Ukiachia kidole, chemba inapaswa kurudi mara moja. Hapa inabaki pale ilipoachwa, milimita moja mbele. Springi ilitolewa wakati wa kusafisha na haikurudishwa. Nozeli ikija mbele, wakati mwingine inaifikia midomo ya mpira na wakati mwingine inapungukiwa, kulingana na mtikisiko wa pigo lililotangulia. Ikirudishwa springi hiyo, namba zinakuwa 97, 98, 96, 97, 98. Giaboksi haikufunguliwa hata kidogo.

Kama chemba ingerudi vizuri, mtuhumiwa anayefuata angekuwa urefu wa nozeli, hasa ikiwa imebadilishwa au mpira mpya ni mfupi kuliko wa zamani. Paka wino wa kalamu nene kwenye ncha ya nozeli, unganisha, fyatua mara moja bila gololi, fungua, na utazame midomo ya mpira. Duara kamili la wino ni dalili nzuri. Nusu duara maana yake nozeli inaingia kwa pembe. Bila duara, nozeli haifiki. Mwisho angalia springi ndogo ya bamba la nozeli: ikilegea, nozeli inachelewa kurudi, na hapo utaona pia gololi zikikosa kupanda au zikipanda mbili.

Dalili: mwendo uko chini kila pigo

Sasa giaboksi inafunguliwa. Kwanza legeza springi kuu: toa mota, kisha kupitia tundu lake tumia bisibisi nyembamba kusukuma kizuizi kinachoishika krauni isirudi nyuma, mpaka usikie gia zikijiachia. Ukitenganisha nusu mbili za giaboksi, shikilia kiongozi cha springi upande wa nyuma, kwani bado kuna msukumo uliobaki.

Toa silinda, kichwa chake, nozeli na pistoni. Ziunganishe bila springi, ziba ncha ya nozeli kwa kidole, na isukume pistoni ndani kwa haraka. Iwe kama pampu ya baiskeli iliyozibwa: inagoma, na ukiachia inarudi nyuma yenyewe. Nasisitiza haraka, kwa sababu vichwa vingi vya pistoni vina matundu yanayopitisha hewa ili ikutanue oringi kutoka ndani. Ukisukuma polepole, hata pistoni nzima itaonekana inavuja, na utatupa kipuri kisicho na kosa.

Ikivuja kweli, tenga sehemu. Toa nozeli na uzibe bomba la kichwa cha silinda moja kwa moja. Ikigoma sasa, nozeli ndiyo inayovuja kwenye bomba hilo, ibadilishe na ile yenye oringi ndani. Ikiendelea kuvuja, zungushia kichwa cha silinda tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili chini ya oringi, ukisukumize tena ndani. Kikiwa kigumu kuingia na hewa ikakaa, umemaliza. Isipokaa, kilichobaki ni oringi ya pistoni. Iloweke dakika chache kwenye maji ya moto, ivute kidogo kwa vidole, irudishe na tone la grisi ya silikoni. Ikishindwa, weka mpya. Usitumie mafuta ya injini wala ya kupulizia bawaba, kwa kuwa yanavimbisha na kuharibu mpira.

Jaribio likipita lakini mwendo bado uko chini, springi imechoka. Namba iliyo kwenye jina la springi, kama M100, inakadiria mita kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, lakini iamini kwa makadirio tu: silinda na urefu wa mtutu vina kauli yao. Silinda yenye tundu ubavuni ni ya mitutu mifupi, na ukiiweka kwenye mtutu mrefu hewa itaisha kabla gololi haijatoka. Kabla ya kuweka springi kali zaidi, kumbuka zile mita 2 za mwanzo, na kikomo cha nguvu cha uwanja unaochezea.

Dalili: gololi inapinda kushoto au kulia

Mzunguko uko, ila umeinama. Mpira umejipinda juu ya mtutu au kibonyezo kimekaa upande. Kaza hopapu, chungulia kutoka mdomoni mwa mtutu ukielekeza kurunzi nyuma ya chemba: uvimbe unapaswa kushuka kutoka juu kabisa, sawa pande zote. Ukiwa upande, toa mpira, linganisha mstari wake ulioinuka na mfereji wa chemba, rudisha. Kuna jaribio zuri pia la uwanjani: laza bunduki ubavu wa kushoto na upige. Gololi ikipinda kushoto kwa wazi, hopapu inafanya kazi, na huenda kupinda kwa mwanzo kulitokana na mkono unaoinamisha bunduki.

Dalili: mota inazunguka lakini hakuna pigo, au kimya kabisa

Mota ikivuma bila pistoni kusikika, meno ya pistoni yamekwanguliwa au pinioni haishikani na krauni. Jaribu kwanza skrubu iliyo chini ya mshikio, inayopandisha mota: robo mzunguko kwa wakati, mpaka sauti iwe laini. Mlio mkali kama wa msumeno ni ishara ya mota iliyo juu au chini mno. Ikivuma tu, fungua, kwani meno yaliyokwanguka ya pistoni hayarudi.

Ikiwa imegoma katikati ya pigo moja moja, usiendelee kuvuta triga, waya utachemka na mota itaungua. Weka betri iliyojaa, hamisha swichi hadi mfululizo, vuta mara moja fupi. Ikijiachia, kosa lilikuwa betri dhaifu iliyoiacha springi ikiwa nusu njia. Isipojiachia, chomoa betri na usukume kile kizuizi cha krauni kama ulivyofanya ulipolegeza springi.